Jua kali si lazima umeme mwingi: kinachotokea ndani ya paneli ya sola

Tangu paneli za sola zienee juu ya mapaa ya mabati, kuna maelezo matatu yanayogombana kuhusu namna zinavyotengeneza umeme. Wapo wanaoamini kwamba kinachofanya kazi ni joto, hivyo kadiri jua linavyochoma ndivyo betri inavyojaa. Wapo waliosoma shuleni kwamba mwanga hugonga elektroni na kuzing'oa, na kwao habari inaishia hapo. Na wapo, wengi wao wahandisi, wanaosema siri iko kwenye mpaka wa tabaka mbili za silikoni, ambako kuna nguvu ya umeme iliyojificha.

Mgogoro huu una madhara madukani. Mteja anayeamini joto hulaza paneli moja kwa moja juu ya bati ili "ipate moto", kumbe anajipunguzia wati. Fundi asiyejua tofauti ya volti na ampea hupima paneli chini ya wingu, akaona volti 19, akaapa kwamba ni nzima na kwamba ubovu uko kwenye betri. Uchambuzi huu unaipima kila hoja, nguvu zake na upungufu wake, kisha unaonyesha zinakokutana kwenye paneli ya kawaida ya wati 100.

Mkanganyiko ulikotoka

Jina "sola" limebeba vitu viwili visivyofanana. Juu ya nyumba nyingi za Nairobi kuna hita za maji za sola: mabomba meusi au ya kioo yanayopasha maji, na tangi juu yake. Pale kazi yote ni ya joto. Kwa kiwango kikubwa zaidi, huko Ouarzazate nchini Moroko, vioo vilivyopinda hukusanya miale ya jua, hupasha mafuta maalumu, mafuta huchemsha maji, na mvuke huzungusha tabo ya kufua umeme. Kituo cha kwanza cha mradi huo kilizinduliwa mwaka 2016. Humo mna pampu, vali, vioo vinavyogeuzwa kulifuata jua, na jenereta inayozunguka kama ile ya bwawani.

Paneli iliyoko juu ya kibanda cha kuchajia simu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni kioo, seli za silikoni, plastiki ya kuzifunika na fremu ya alumini. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachochemka, na hakuna kinachopungua kwa kutumika. Swali la haki kabisa, basi, ni hili: kama hakuna kinachozunguka, umeme unasukumwa na nini?

Hoja ya kwanza: joto

Nguvu ya hoja hii ni kwamba inalingana na kile ambacho mkono unahisi. Gusa paneli saa sita mchana utatoa mkono haraka. Pia ni kweli kwamba joto linaweza kufua umeme. Ouarzazate ni ushahidi tosha.

Lakini joto lina sharti lake. Haliwezi kutoa kazi mpaka kuwe na upande wa moto na upande wa baridi, kisha joto lipite kutoka huku kwenda kule. Ndiyo maana mtambo wa mvuke lazima uwe na mahali pa kupoozea. Seli ya silikoni ina unene wa chini ya robo milimita, na inapopata moto hupata mwili mzima, mbele na nyuma. Haina upande wa baridi wa maana.

Jaribio la kuimaliza hoja hii halihitaji maabara. Funga paneli ndogo kwenye chumba chenye giza, iunganishe na multimita, kisha ilete karibu na pasi iliyopata moto na kuchomolewa. Volti hazitapanda. Sasa washa tochi ya simu, ambayo mwanga wake hauna joto la kuhisika, uimulike paneli ile ile. Namba itaruka papo hapo. Joto lilikuwepo bila umeme, na umeme ukaja bila joto.

Hoja ya pili: mwanga unang'oa elektroni

Hii iko karibu na ukweli, na ina historia nzuri. Mwaka 1839 kijana Mfaransa, Edmond Becquerel, mwenye umri wa miaka 19, aliona kwamba vipande vya metali vilivyotumbukizwa kwenye kimiminika hutoa mkondo wa umeme vinapopigwa na mwanga. Haikujulikana kwa nini. Maelezo ya msingi yalikuja mwaka 1905, Albert Einstein alipopendekeza kwamba mwanga hubeba nishati yake kwa mafungu, yale tunayoyaita fotoni leo, na kwamba fungu moja hutoa nishati yake kwa elektroni moja.

Ndani ya silikoni, kila atomu imeshikana na jirani zake wanne kwa elektroni zake nne za nje. Elektroni hizo zimefungwa, haziwezi kusafiri. Ili moja ifunguke inahitaji nishati isiyopungua kipimo maalumu, ambacho kwa silikoni ni elektroni-volti 1.12. Hapa fotoni ni kama abiria wa daladala, na kipimo hicho ndicho nauli. Mwenye pungufu habebwi, hata wakija elfu moja kwa pamoja, na mwenye noti kubwa anabebwa lakini harudishiwi chenji. Fotoni za mionzi ya infraredi ya mbali hazifikishi nauli, kwa hiyo hupita bila kufanya kitu. Fotoni za buluu zina zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, na ziada yote huishia kuwa joto ndani ya seli.

Hesabu ya hasara hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini paneli nzuri sokoni zinageuza asilimia 20 hadi 23 tu ya nishati ya jua. Takriban sehemu moja ya tano ya nishati ya jua huja katika fotoni zisizofikisha nauli, na kama theluthi moja hupotea kwa njia ya chenji. Mwaka 1961 William Shockley na Hans Queisser walikokotoa kwamba seli ya aina moja ya nusu kipitishi, chini ya jua la kawaida, haiwezi kuvuka karibu theluthi moja. Kwa silikoni ukomo wenyewe uko karibu asilimia 29, na seli bora za maabara zimeshapita 26. Kwa hiyo muuzaji anayetangaza paneli ya silikoni yenye ufanisi wa asilimia 40 anauza hewa.

Hoja ya mwanga, basi, inaeleza nishati inatoka wapi na kwa nini nyingine hupotea. Upungufu wake ni mmoja, lakini ni mkubwa: haisemi kwa nini umeme uende upande mmoja. Ukichukua kipande cha silikoni safi ukakiweka juani, elektroni zitafunguka kwa wingi. Kila moja itaacha nyuma yake nafasi tupu, inayoitwa tundu, ambayo nayo husafiri kama chaji chanya. Elektroni na matundu yatatangatanga pande zote, yatakutana, elektroni itaanguka kwenye tundu, na nishati yote itageuka joto. Waya ukiunganishwa hautapata kitu. Kung'oa elektroni ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuzitenganisha na matundu kabla hazijarudiana.

Hoja ya tatu: mpaka wa tabaka mbili

Jibu la nusu hiyo ya pili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1940 Russell Ohl, mtafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, alikuwa akipima kipande cha silikoni kilichokuwa na ufa. Alipokimulika, kilitoa karibu nusu volti, kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Ikaja kubainika kwamba silikoni hiyo ilipokuwa ikipoa, uchafu uliokuwemo ulijigawa: aina moja ukabaki upande huu, aina nyingine upande ule. Nguvu ilitoka pale pande hizo mbili zilipogusana.

Leo uchafu huo hutiwa kwa makusudi. Upande mmoja hupewa fosforasi, ambayo ina elektroni tano za nje badala ya nne, kwa hiyo kila atomu yake inaleta elektroni moja ya ziada. Upande wa pili hupewa boroni yenye tatu, na kila atomu yake inaacha pengo. Pande hizo zinapogusana, elektroni za ziada zilizo karibu na mpaka huvuka kwenda kujaza mapengo. Lakini kila inayovuka inaacha nyuma atomu yenye chaji chanya isiyoweza kusogea, na inakoenda inaifanya atomu ya boroni kuwa na chaji hasi. Muda mfupi tu chaji hizo hujengana kiasi cha kuzuia elektroni nyingine zisivuke. Pakabaki kwenye mpaka ukanda mwembamba wenye msukumo wa umeme wa kudumu, usiohitaji betri wala mtu wa kuuwasha.

Fotoni ikifungua elektroni karibu na ukanda huo, elektroni husukumwa upande wa fosforasi na tundu upande wa boroni. Zimeachana, haziwezi kurudiana kirahisi kwa njia ya ndani. Zikipewa waya wa nje, elektroni hutoka kupitia nyuzi za fedha zinazoonekana usoni mwa seli, hupita kwenye taa au betri, na kurudi kwa mlango wa nyuma kujaza matundu. Safari hiyo ya nje ndiyo umeme wetu. Tarehe 25 Aprili 1954, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa maabara hizo hizo za Bell walionyesha hadharani seli ya silikoni iliyofanya hivyo kwa ufanisi wa karibu asilimia 6.

Maelezo haya ndiyo yaliyomo kwenye vitabu vingi, na kwa matumizi ya kawaida yanatosha. Lakini yana mahali yanapozidishwa. Husemwa mara nyingi kwamba ule msukumo wa mpakani "ndio unaotoa umeme". Hilo haliwezi kuwa kweli, kwa sababu msukumo huo upo usiku kama ulivyo mchana, na usiku paneli haitoi kitu. Chanzo cha nishati ni fotoni peke yake. Isitoshe, ukanda wenyewe ni mwembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, ilhali mwanga mwekundu hupenya ndani zaidi ya hapo. Elektroni nyingi hufunguliwa mbali na ukanda, na hufika kwa kutangatanga, si kwa kuvutwa.

Ndiyo maana wanafizikia kadhaa, akiwemo Mjerumani Peter Würfel, wamesisitiza maelezo mapana zaidi: seli inahitaji upande mmoja unaoruhusu elektroni kutoka na kuyazuia matundu, na upande mwingine unaofanya kinyume chake. Mpaka wa fosforasi na boroni ni njia mojawapo ya kupata hali hiyo. Seli za perovskaiti, ambazo zilianza kuripotiwa mwaka 2009, hulipata sharti hilo kwa tabaka za vitu tofauti kabisa zilizobana katikati yake kitu kinachonyonya mwanga. Mtazamo huu una nguvu kuliko ule wa vitabu kwa sababu unaeleza seli zote, si za silikoni peke yake. Udhaifu wake ni wa kufundishia: ni mgumu kuuchora ubaoni.

Multimita inasema nini

Seli moja ya silikoni hutoa kama nusu volti tu, iwe kubwa kama sahani au ndogo kama ukucha. Ukubwa huongeza ampea, si volti. Ili kuchaji betri ya volti 12, paneli ya kawaida ya wati 100 huunganisha seli 36 kwa mfululizo, hivyo ikafikia volti 18 hivi inapofanya kazi vizuri, na volti 21 au 22 ikiwa haijaunganishwa na kitu.

Volti na ampea haziuchukulii mwanga kwa namna moja. Ampea hufuata idadi ya fotoni: mwanga ukipungua hadi sehemu moja ya kumi, ampea nazo huwa sehemu moja ya kumi. Volti hupungua kidogo mno, takriban sehemu 60 za elfu moja za volti kwa kila seli. Kwa seli 36 hiyo ni kama volti 2. Paneli iliyokuwa ikisoma 21.5 juani itasoma 19 na ushei chini ya wingu zito, huku ampea zake zikiwa zimeshuka kutoka karibu 6 hadi 0.6. Fundi aliyepima volti peke yake hajapima chochote cha maana. Kipimo cha kweli ni ampea za paneli ikiwa juani bila kivuli, kilinganishwe na namba iliyoandikwa nyuma ya paneli mbele ya `Isc`.

Kivuli nacho hufichuka hivyo hivyo. Kwa kuwa seli zimefungwa kwa mfululizo, mkondo wa zote hubanwa na ile iliyo dhaifu. Jani pana la mwembe likifunika seli moja, volti za paneli isiyo na mzigo hubaki karibu zile zile, lakini ampea huanguka vibaya, na seli iliyofunikwa hulazimishwa kupitisha mkondo wa wenzake hadi ikapata moto na pengine kuacha doa la kahawia. Diodi zilizomo kwenye kisanduku cha nyuma huwekwa ili kuupitisha mkondo kando ya safu yenye kivuli. Paneli nyingi za bei ya chini zina diodi mbili tu, kwa hiyo jani moja linaweza kuzima nusu ya paneli.

Joto linalipisha kiasi gani

Sasa turudi kwenye joto, maana lina kazi yake, ila si ile inayodhaniwa. Joto lenyewe hufungua elektroni chache ndani ya silikoni na kurahisisha kurudiana kwa elektroni na matundu. Matokeo yake volti hushuka, karibu sehemu 2 za elfu moja za volti kwa kila seli kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ampea hupanda kidogo sana, isiyofidia.

Wati 100 zilizoandikwa kwenye paneli zilipimwa seli zikiwa na nyuzi 25, hali ambayo paa la bati mchana haliijui. Tuchukue paneli iliyolazwa juu ya bati mahali penye joto, seli zake zikafika nyuzi 65. Kwa paneli inayopoteza asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, nyuzi 40 za ziada huondoa asilimia 16, zikabaki wati 84. Paneli hiyo hiyo ikiwekwa Njombe, penye ubaridi na upepo, ikiwa na nafasi ya hewa chini yake, seli zikaishia nyuzi 45, itatoa wati 92 kwa mwanga ule ule.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Chaji kontrola ya kawaida ya aina ya PWM huiunganisha paneli moja kwa moja na betri, hivyo paneli hulazimika kufanya kazi kwa volti za betri, tuseme 13. Ampea 5.6 mara volti 13 ni wati 73 tu. Volti zilizoliwa na joto zilikuwa zitupwe hata hivyo, kwa hiyo mwenye PWM hapati hasara kubwa ya joto. Ameshapoteza zaidi kwa kontrola yake. Kontrola ya MPPT hubadili volti za ziada kuwa ampea. Pale kwenye bati la moto itapandisha 73 kuwa 84 hivi. Kule Njombe itapandisha 73 kuwa 92, ukiacha upotevu mdogo wa kifaa chenyewe. Faida ya MPPT ni kubwa zaidi penye baridi, kinyume na wengi wanavyofikiri. Kwa paneli moja ndogo mahali penye joto, bei yake pengine haistahili. Nyongeza ya paneli ndogo inaweza kuleta wati hizo hizo kwa fedha pungufu.

Mtu atauliza: kama joto ni hasara, kwa nini Kenya ilijenga kituo cha sola cha megawati 50 Garissa, kilichozinduliwa mwishoni mwa 2019, badala ya kukipeleka kwenye nyanda za juu zenye baridi? Kwa sababu Garissa ina anga wazi na saa nyingi za jua kwa mwaka. Mwanga unaopatikana ni mwingi kuliko kile joto linachokula. Palichaguliwa kwa mwanga wake, na joto lake ni gharama iliyokubaliwa.

Uamuzi

Hoja ya joto iondolewe kwenye maelezo ya paneli na iachiwe hita na vioo vya Ouarzazate. Huko ina faida ambayo silikoni haina: joto linaweza kuhifadhiwa kwenye chumvi iliyoyeyushwa na kufua umeme saa kadhaa baada ya jua kuzama, ilhali paneli hunyamaza mara giza linapoingia na hutegemea betri. Faida hiyo hulipiwa kwa pampu, tabo na mafundi wa kuvihudumia, kwa hiyo haiwezi kushuka hadi ukubwa wa nyumba moja.

Hoja ya pili na ya tatu si wapinzani. Ya pili inaeleza nishati inavyoingia, ya tatu inavyopangwa iende upande mmoja. Anayefundisha moja bila nyingine anamwachia mwanafunzi paneli isiyofanya kazi.

Mnunuzi naye asitazame wati peke yake. Katika karatasi ya vipimo atafute mstari wa `Temperature Coefficient of Pmax`: paneli yenye -0.30% kwa kila nyuzi itamhifadhia wati nyingi zaidi mchana kuliko yenye -0.45%. Kisha amwambie fundi ainue paneli kama sentimita 10 kutoka kwenye bati, hewa ipite chini yake. Vipande vinne vya chuma cha pembe vinatosha.